Hati hafifu za mizigo: Jinsi ya kuzisafisha kabla kompyuta haijazisoma

WASAFIRISHAJI wanaotoa makontena bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma wanaifahamu vyema karatasi hii: nakala ya tatu ya hati ya mzigo, ya rangi ya njano, yenye maandishi ya kaboni ya bluu yaliyofifia. Imekunjwa mfukoni mwa dereva na kugongwa muhuri mwekundu juu ya namba ya kontena. Ndiyo karatasi ambayo karani wa ofisini huipitisha kwenye skana, kisha huiachia kompyuta iyasome maandishi yake, kazi inayojulikana kama OCR, ili asichape upya kurasa kadhaa kila siku.

Tatizo ni kwamba kompyuta haisemi "sioni". Inakisia. Penye 8 iliyofifia upande mmoja inaandika 3, na tarakimu hiyo moja inatosha kuifanya namba ya kontena isilingane na tamko la forodha. Lori linasubiri, siku zinahesabiwa, na anayelipa ni mwenye mzigo au mwenye lori.

Dawa yake hailipiwi. OpenCV ni maktaba ya programu za kushughulikia picha iliyoanzia katika kampuni ya Intel mwaka 1999, na Tesseract ni programu ya kusoma maandishi ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005. Zote ni za bure. Anayejua Python kidogo anaweza kuzitumia katika kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Kazi inaanzia kwenye skana yenyewe. Skani kwa rangi, nukta 300 kwa inchi. Makarani wengi huchagua nyeusi na nyeupe ili faili iwe ndogo, na hapo ndipo wanapoharibu mambo, kwa kuwa rangi ndiyo inayotusaidia kutenganisha wino na karatasi.

Tuangalie kwa hesabu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu za bluu, kijani na nyekundu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuseme karatasi yetu ya njano ina nyekundu 225, kijani 215 na bluu 150, na wino wa kaboni una nyekundu 140, kijani 165 na bluu 210. OpenCV ikigeuza picha hiyo kuwa ya kijivu, karatasi inakuwa 211 na wino 163, tofauti ya 48 tu. Lakini tukichukua namba za nyekundu peke yake, tofauti ni 85. Aidha, muhuri mwekundu nao ni mng'avu katika namba hizo, hivyo unafifia na kuiacha namba iliyo chini yake. (Muhuri wa bluu au zambarau hautoki kwa njia hii.)

```python
import cv2
picha = cv2.imread("hati.png")
r = picha[:, :, 2]   # nyekundu
```

Ile 2 ni kwa sababu OpenCV hupanga bluu kwanza, kisha kijani, halafu nyekundu. Ukiweka 0 utapata bluu, na maandishi ya kaboni yatakuwa meupe kuliko karatasi.

Sasa tuje kwenye kizingiti, yaani namba inayoamua pikseli ipi iwe nyeusi na ipi iwe nyeupe. Tesseract ina kizingiti chake. Kama hukuiagiza vinginevyo, inafuata mbinu aliyoichapisha Mjapani Nobuyuki Otsu mwaka 1979, ambayo inachagua namba moja kwa ukurasa mzima. Kwa karatasi safi inatosha kabisa. Kwa karatasi yenye mkunjo haitoshi, na sababu yake ni rahisi kuiona. Tuseme kivuli cha mkunjo kinapunguza mwanga hadi asilimia 60. Karatasi iliyokuwa 225 sasa ni 135 penye kivuli, yaani ni nyeusi kuliko wino wa mahali palipo wazi, ambao ni 140. Ukiweka kizingiti 180, mkunjo wote unakuwa mweusi. Ukikishusha hadi 120, mkunjo unasafishika lakini maandishi ya nje yake yanapotea. Hakuna namba moja itakayofaa pande zote mbili. Kuongeza mwanga wa picha nzima nako hakusaidii, maana wino na karatasi hupanda pamoja.

Njia inayofaa ni kuilinganisha kila pikseli na majirani zake. Penye kivuli, wino ni 84 na karatasi ni 135. Tofauti imepungua hadi 51, lakini bado ipo.

```python
c = cv2.createCLAHE(clipLimit=2.0, tileGridSize=(8, 8))
r = c.apply(r)
safi = cv2.adaptiveThreshold(
    r, 255, cv2.ADAPTIVE_THRESH_GAUSSIAN_C,
    cv2.THRESH_BINARY, 51, 12)
cv2.imwrite("safi.png", safi)
```

CLAHE inakuza tofauti ya weusi na weupe kipande kwa kipande. Ukizidisha ile 2.0, itakuza pia madoa ya karatasi tupu. Binafsi ningejaribu kwanza bila CLAHE, na kuiongeza pale tu mistari ya herufi inapokatika.

Namba 51 ni upana wa dirisha la majirani kwa pikseli, na lazima iwe witiri. Herufi kubwa za kawaida kwa nukta 300 zina urefu wa pikseli 30 hivi, kwa hiyo dirisha linazizidi. Ukiweka 11, herufi nene zitatoboka katikati na kubaki maganda. Namba 12 inamaanisha kuwa pikseli haiwi nyeusi mpaka iwe chini ya wastani wa majirani kwa zaidi ya 12. Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Ukiweka 3, ukurasa utajaa vumbi jeusi. Ukiweka 30, ukurasa utang'aa na kupendeza macho, lakini sehemu nyembamba za wino, ambazo pengine zimezidi karatasi kwa 20 tu, zitafutika. Hivyo ndivyo 8 inavyogeuka kuwa 3. Bora vumbi kidogo kuliko tarakimu iliyokatika.

```
tesseract safi.png matokeo --psm 6
```

Utajuaje kama imesoma sawa? Kwa bahati nzuri, namba ya kontena inajikagua yenyewe, kwani tarakimu yake ya mwisho hutokana na zile za mbele. Chukua namba inayotumiwa sana kama mfano, CSQU3054383. Herufi hupewa thamani kuanzia A ambayo ni 10, kwa kuruka 11, 22 na 33, hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Alama kumi za mwanzo huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, kisha hujumlishwa. Jumla ni 6185. Ukigawa kwa 11 inabaki 3, sawa na tarakimu ya mwisho. Kompyuta ikisoma CSQU3054333, jumla inakuwa 3625 na kinachobaki ni 6. Hailingani, kwa hiyo karani airudie karatasi kwa macho.

Uzito hauna ukaguzi wa aina hiyo. Hapo jumlisha uzito wa bidhaa na wa kontena tupu, uone kama unapata uzito wa jumla ulioandikwa. Na pale ambapo kaboni haikufika kabisa kwenye nakala ya tatu, hakuna kizingiti kitakachoirudisha: mpigie aliyebaki na nakala ya kwanza.