LIM kwa vijijini, kruzi kwa barabara tupu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, vibao vya 50 havikuachi mbali: Mlandizi, Chalinze na vijiji vya katikati, kila mahali pana tuta, bodaboda na watu wanaovuka. Hapo ndipo madereva wengi hupigwa tochi, na mara nyingi si kwa ukaidi. Gari zuri likishazoea 80, mguu husahau.

Kruzi haifai hapo. Kazi yake ni kushikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, na ukigusa breki inajizima. Umepanda tuta, umebonyeza RES ili irudi, na gari linaanza kujisukuma lenyewe kuutafuta mwendo uliouacha. Kama ulikuwa 80, litaitafuta 80 katikati ya kijiji.

Kidhibiti mwendo ni kitu kingine, nacho si ile spidi gavana inayofungwa kwenye mabasi. Hiki unakipanga mwenyewe. Magari mengi ya Ulaya, na baadhi ya ya Kijapani, yana kitufe cha LIM kwenye usukani. Kibonyeze, fikisha 50, kisha bonyeza SET. Kuanzia hapo mguu unafanya kazi kama kawaida: unapunguza, unafunga breki, unaongeza. Ukifika 50, hata ukiongeza mafuta kidogo, gari haliitikii. Breki haikizimi, kwa hiyo baada ya kila tuta kikomo chako bado kipo.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kukiamini. Ukiwa unalipita lori na ghafla unahitaji nguvu, kanyaga pedeli mpaka chini kabisa. Katika magari mengi kikomo huachia, na namba kwenye dashibodi humetameta. Lijaribu hilo kwanza mahali patupu, usisubiri lori lije mbele yako. Pili, vidhibiti vingi hubana mafuta tu, havifungi breki. Kwenye mteremko kama Kitonga gari litazidi kikomo kwa uzito wake, na kazi hiyo ni ya gia ndogo.

Mshale wa dashibodi nao kwa kawaida huonyesha zaidi ya mwendo halisi. Kwenye barabara iliyonyooka, mwambie abiria asome mwendo wa GPS kwenye simu. Simu ikisema 50 na mshale 53, hiyo ndiyo tofauti ya gari lako. Mimi ningeweka 50 ya mshale hata hivyo. Hizo tatu si za kugombania na trafiki.

Gari lisilo na LIM linaweza kusaidiwa na simu. Waze hupiga mlio ukizidi kikomo, na unaweza kuchagua uzidi kwa kiasi gani ndipo ilie. Usiiache ilie kwa kila kilomita moja, maana sikio litaizoea na kuipuuza. Ila ramani haijui kila kijiji. Mahali ambapo haina namba, itanyamaza hata kama uko 90, na kibao cha pembeni bado kinasema 50.