Je, VPN ya Michezo au DNS Nyingine Hupunguza Ping?

Mtumiaji anayecheza michezo ya mtandaoni hukutana mara kwa mara na madai mawili. La kwanza ni tangazo la VPN "ya wachezaji" inayouzwa kwa malipo ya kila mwezi, likiahidi kwamba ping itashuka. La pili ni ushauri wa bure: badili namba za DNS, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8, na mchezo utaacha kukwama. Dai la kwanza huwa kweli katika hali moja mahususi. La pili karibu halina ukweli wowote. Tunaeleza hapa sababu, na namna ya kujipimia kabla ya kutoa fedha.

Ping ni muda ambao pakiti ndogo ya data huchukua kwenda kutoka kifaa chako hadi seva ya mchezo na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde. Bando kubwa au kasi kubwa ya kupakua ni jambo jingine. Barabara ikipanuliwa hupitisha magari mengi zaidi, lakini haiisogezi Morogoro karibu na Dar es Salaam. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari mnyoofu. Kwenda na kurudi ni 5,000, yaani milisekunde 25 zisizoweza kupunguzwa na yeyote. Kwa kuwa mikongo haipiti mstari mnyoofu, ping ya 50 au 60 kwa safari hiyo si ya kulalamikia. Tangazo linaloahidi chini ya kiwango cha umbali linauza kisichokuwepo.

Tuanze na DNS, kwa kuwa habari yake ni fupi. DNS ni kama daftari la namba za simu. Mchezo unapofunguka, kifaa huuliza seva yenye jina fulani ina anwani gani, hujibiwa, na tangu hapo huwasiliana na anwani hiyo moja kwa moja. Risasi unayofyatua katikati ya mchezo haipiti kwa DNS. Ikiwa DNS ya mtoa huduma wako imezorota, kuibadili kunaweza kuondoa hitilafu wakati wa kuingia mchezoni, na hilo lina faida yake. Upo pia mwanya mmoja: baadhi ya majina hutoa anwani tofauti kulingana na mahali DNS ilipo, hivyo mchezo unaweza kukupeleka kwenye seva ya mbali au ya karibu. Lakini ikiwa mchezo wako unakuruhusu kuchagua kanda mwenyewe, mwanya huo haukuhusu.

VPN ni jambo zito zaidi, kwani yenyewe hubadili njia. Pakiti zako huenda kwanza kwenye seva ya VPN, kisha kwenye seva ya mchezo. Ping mpya ni jumla ya vipande hivyo viwili. Kwa hiyo ikiwa njia ya mtoa huduma wako tayari ni fupi, VPN haina cha kufupisha, nayo kwa kawaida huongeza milisekunde chache. Faida hupatikana pale tu ambapo mtoa huduma anazipitisha pakiti zako kwenye mzunguko usio wa lazima.

Tuchukue mfano wa mchezaji wa Dar es Salaam ambaye seva ya mchezo wake iko Johannesburg, lakini ping yake ni 310. Kwanza ajiridhishe kuwa kasoro haimo nyumbani mwake. Katika kompyuta yenye Windows, amri `ipconfig` humwonyesha anwani ya ruta yake kwenye mstari wa Default Gateway. Kisha apime ruta hiyo, na baadaye njia yote hadi kwenye mchezo. Anwani ya seva ya mchezo huonekana kwenye Resource Monitor, sehemu ya Network, mchezo ukiwa unaendelea. Aiweke mahali pa anwani ya mfano iliyo katika mstari wa pili hapa.

```
ping -n 50 192.168.1.1
tracert 203.0.113.25
```

Ruta iliyo chumba kilekile hujibu kwa milisekunde chache tu. Majibu yakirukaruka kutoka 3 hadi 80, au pakiti zikipotea, tatizo ni Wi-Fi, na dawa yake ni waya au kuisogeza ruta. Ikiwa ruta inajibu vizuri lakini mchezo hukwama kila mtu mwingine nyumbani anapopakua filamu, basi pakiti zinapanga foleni kwenye laini yenu. VPN hupita kwenye foleni hiyohiyo.

Tuseme ruta ya mchezaji wetu ni salama. Amri ya `tracert` humwonyesha vituo ambavyo pakiti hupitia na muda wa kila kimoja. Vituo vya mwanzo vinasoma 12, kisha ghafla 190, na jina la kituo hicho lina herufi `lon`, ufupisho unaotumika mara nyingi kwa London. Kituo cha mwisho kinasoma 310. Hapo amepata jibu: pakiti zinakwenda Ulaya kisha zinashuka Afrika Kusini, safari inayozidi kilomita 16,000 kwa upande mmoja. Asitishwe na mistari yenye nyota, kwa kuwa vituo vingi, hata seva nyingi za michezo, vimewekwa visijibu. Wala kituo kimoja cha katikati chenye namba kubwa si kasoro ikiwa vinavyofuata vina namba ndogo.

Sasa VPN yenye seva Johannesburg inaweza kumsaidia, lakini kwa sharti moja. VPN ikiwa imezimwa, apime ping ya seva hiyo ya VPN. Akipata 58, kipande cha pili kiko ndani ya mji mmoja na hakizidi milisekunde chache, basi mchezo utakuwa kwenye 60 na kitu. Akipata 305, ina maana mtoa huduma huzungusha hata pakiti za VPN kupitia Ulaya, na fedha zake zitapotea.

Hapa ndipo watumiaji wengi hudanganyika: namba ya ping inayoonyeshwa ndani ya programu ya VPN mara nyingi ni ya kufika kwenye seva ya VPN tu. Namba ya kuamini ni ile inayoonyeshwa na mchezo wenyewe. Ilinganishe usiku, saa za msongamano, VPN ikiwashwa na kuzimwa kwa zamu, kwa siku tatu hivi. Lipia mwezi mmoja, wala si mwaka, kwa kuwa njia hubadilika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika, pakiti za Afrika Mashariki zililazimika kutafuta njia nyingine, na vipimo vya wiki iliyotangulia havikuwa na maana tena.

Kabla ya kulipa, soma pia masharti ya mchezo, kwani baadhi hukataza VPN. Walio Tanzania wakumbuke kuwa Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kuwa wanaotumia VPN watoe taarifa za matumizi hayo.

Mzunguko wa kupitia Ulaya ni kasoro ya mtoa huduma unayemlipa tayari. Mwandikie, ukiambatanisha matokeo ya `tracert` ya siku mbili tofauti pamoja na saa ulizopima, na umwombe arekebishe njia ya kuelekea anwani hiyo. Lalamiko lisemalo "intaneti inakwama" hujibiwa kwa ushauri wa kuzima na kuwasha ruta. Lenye anwani, saa na jina la kituo hupelekwa kwa mafundi wa mtandao.