Kueleza Kuachishwa Kazi kwa Sentensi Tatu

Sababu ya kuachishwa kazi huulizwa mahali pawili: kwenye fomu ya maombi, katika nafasi finyu iliyoandikwa "Sababu ya kuacha kazi", na kwenye usaili. Katika wasifu na barua ya maombi haiulizwi, wala haifai kuandikwa. Huko hutosha cheo, jina la mwajiri, na tarehe za kuanza na kumaliza.

Jibu hutungwa kwa kuanzia barua ya kuachishwa kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu. Sababu hiyo inaweza kuhusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kutopatana kwake na mahali pa kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Hayo ya mwisho ndiyo huleta kupunguzwa kazi. Aliyepunguzwa ana jibu jepesi: "Tawi lilifungwa na nafasi yangu ikafutwa." Asiongeze neno. Kazi ipo kwa yule ambaye barua yake inataja uwezo au mwenendo.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Mbeya. Kwa miaka mitatu aliandika mapokezi na matoleo ya mzigo kwenye daftari, na hesabu zake zilikubalika. Kampuni ikaleta mfumo wa kompyuta. Akaendelea kuandika daftarini kwanza na kuingiza kwenye mfumo baada ya siku kadhaa, hivyo kila mzigo ulipohesabiwa idadi ya mifuko ya saruji ghalani ilitofautiana na ile ya mfumo. Alipewa onyo la maandishi mara mbili, akaitwa kwenye kikao cha nidhamu, kisha akaachishwa kazi. Hakushukiwa wizi.

Msukumo wake wa kwanza ni kusimulia yote: mafunzo yalikuwa ya siku moja, meneja alikuwa mpya, madereva walileta mizigo usiku. Yote hayo huenda ni kweli, lakini msailiji hana njia ya kuyapima. Anachosikia ni mtu ambaye bado anagombana na mwajiri wa zamani. Msukumo wa pili ni kuandika "sababu binafsi", maneno yanayozaa swali jingine papo hapo. Wa tatu ndio wa hatari: kuandika kwamba alijiuzulu. Simu moja kwa mdhamini wake inatosha kufichua uongo huo, na hata ukigunduliwa baada ya kuajiriwa unaweza kumgharimu kazi mpya.

Jibu linalomfaa lina sentensi tatu. "Niliachishwa kazi kwa sababu kumbukumbu zangu za mzigo zilichelewa kuingia kwenye mfumo mpya wa kompyuta, na hesabu zikawa hazilingani. Baada ya hapo nimesoma kozi ya kompyuta, na sasa katika duka ninalosaidia ninaingiza kila mzigo siku unapofika. Nimeona kazi hii inahitaji mtu wa kupokea na kuhesabu mzigo, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mitatu." Ya kwanza inataja tukio bila kumlaumu mtu wala kujidhalilisha. Ya pili inataja jambo linaloweza kuthibitishwa. Kama hakuna kozi wala duka, isitajwe. Ya tatu inarudisha mazungumzo kwenye nafasi inayoombwa. Kwenye fomu, sentensi ya kwanza peke yake inatosha.

Baada ya sentensi hizo, anyamaze. Kimya cha msailiji anayeandika humtia mwombaji hofu, naye huanza kujieleza upya, na hapo ndipo lawama zilizofichwa hutoka. Akiulizwa zaidi, ajibu kilichoulizwa tu.

Njia hii ina mipaka. Aliyeachishwa kwa wizi au kupigana hawezi kulifunika jambo kwa maneno laini. Alitaje kwa jina lake, naye atarajie kwamba baadhi ya nafasi, hasa za kushika fedha, hatazipata kwa sasa. Na ambaye shauri lake bado liko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aseme tu kwamba ajira ilisitishwa na suala liko mbele ya Tume. Wakiwa wamepatana kwa maandishi, asome kwanza kama mapatano yanamkataza kueleza yaliyotokea.

Kabla ya kutuma maombi, ampigie simu msimamizi wa zamani aliyemtaja kuwa mdhamini, amsomee sentensi ya kwanza na kumuuliza kama anaweza kuithibitisha. Tarehe azichukue kwenye cheti cha utumishi, ambacho sheria hiyo ya mwaka 2004 inamlazimu mwajiri kukitoa ajira inapokoma, hata kwa mtu aliyemwachisha kazi. Kama hakupewa, akiombe kwa barua.