Dakika Nane za Msalani

Katika mitihani ya sekondari nchini Uingereza, mwenye ugonjwa wa utumbo anaweza kuruhusiwa mapema kupata mapumziko yanayosimamiwa. Saa yake husimama anapotoka.

Tuseme mtihani wa saa mbili umeanza saa 3:00 asubuhi. Mtahiniwa anatoka saa 4:10, anarudi saa 4:18. Msimamizi anaandika nyakati zote mbili. Mwisho wake unasogea hadi saa 5:08. Bila kumbukumbu hiyo, dakika nane hugeuka ubishi.

Maswali na majibu hubaki mezani, yamefunikwa. Anayemsindikiza hungoja nje ya mlango wa choo, kwa kuwa simu huweza kufichwa humo kabla ya mtihani. Chumba nacho hakiachwi bila msimamizi, hivyo lazima awepo wa ziada.