Kesho ya Los Angeles

Nina hadithi fupi ambayo nimeiandika upya mara tatu, na kila mara kilichoniangusha ni neno moja: kesho. Mhusika wangu ni kijana wa Nairobi anayepokea simu usiku za wateja wa California ambao intaneti zao zimekatika. Wengi wakisimulia kazi hii huanza na usingizi. Usingizi upo, tena ni mzito, lakini nimekuja kuamini kwamba taabu kubwa zaidi ni kuishi siku moja huku unaongea na mtu aliye katika siku nyingine.

Kwanza saa zenyewe. Majira ya baridi, Los Angeles iko nyuma ya Nairobi kwa saa 11. Kule ikiwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa mbili usiku. Wakifunga kazi saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ndiyo zamu yake. Halafu Jumapili ya pili ya Machi inafika, wao wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja, wasizirudishe hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nairobi haigusi saa yake, ila kijana sasa anaingia saa moja usiku na kutoka saa kumi. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua tofauti hiyo. Saa kumi na moja makondakta wameshaanza kuita abiria. Saa kumi giza ni lile lile la usiku wa manane, na asiye na gari la kampuni huinamisha kichwa mezani akingoja kupambazuke.

Sasa simu yenyewe. Ni Jumatatu ya Januari, saa nane na nusu mchana kule Los Angeles. Nairobi ni saa saba na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Mzee mmoja anasema hana intaneti tangu asubuhi. Kijana anamwambia achomoe modemu kwenye umeme, ahesabu hadi thelathini, airudishe. Taa ya laini inabaki nyekundu. Anamuuliza kama waya umekaza vizuri ukutani; umekaza. Basi hitilafu iko nje ya nyumba, na hilo halitengenezeki kwa maneno. Anahitajika fundi.

"Aje kesho asubuhi," mzee anasema.

"Sawa, baba. Kesho asubuhi, saa tatu." Wanaongea Kiingereza, lakini moyoni anamwita hivyo.

Anaandika: Jumatano.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipo. Katika hesabu yetu ya zamani usiku hutangulia mchana wake; jua la Jumatatu likishazama, usiku uliopo ni wa Jumanne. Kijana huyu ameshavuka. Kwake Jumanne ndiyo leo, na kesho ni Jumatano. Kwa mzee, jua la Jumatatu bado liko dirishani. Wamekubaliana kwa neno lile lile, kwa sauti, na kila mmoja amekata simu akiwa na siku yake.

Katika rasimu ya kwanza niliiweka simu hiyo saa kumi usiku, kwa kuwa karibu na wakati huo joto la mwili hushuka kabisa na akili huzubaa nalo. Nikaifuta. Msomaji angesema alisinzia, akafunga kesi. Nataka akosee akiwa macho makavu. Saa ya mteja inaonekana pembeni mwa skrini, kweli, lakini mkono huandika siku ambayo mwili unaiishi. Waliozoea kazi hii hawalitumii kabisa neno kesho. Husema "Jumanne, tarehe kumi na nne", kisha humwomba mteja airudie kwa mdomo wake.

Kwa nini asigundue baadaye? Kwa sababu hakuna baadaye. Muda wake wa wastani kwa kila simu hupimwa: maongezi, dakika alizomweka mteja asubiri, na maelezo anayoandika baada ya kukata. Akikawia kuyasoma tena, wastani wake unapanda. Anafunga ukurasa, na sauti ya mteja mwingine imeshaingia sikioni.

Jumanne mchana analala, pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo. Saa mbili usiku yuko kitini tena, na wakati huo huo mzee anasogeza kiti karibu na mlango, maana saa tatu imefika. Anangoja saa mbili nzima ndipo anapiga simu. Lakini mtambo hauchagui aliyehudumia jana. Humpa mteja yeyote aliyekaa bila simu kwa muda mrefu zaidi. Saa nne usiku inamwangukia dada aliyekaa viti viwili kutoka kwa kijana.

Kijana anamsikia akisema pole, mara mbili, kwa upole. Hajui anamwambia nani.