Logi asilia kutoka kwenye mgawanyo mrefu

Mwaka 1668, Nicholas Mercator, mwanahisabati mzaliwa wa Holstein aliyekuwa akiishi London, alichapisha kitabu kiitwacho Logarithmotechnia. Ndani yake alionyesha kwamba logi asilia ya namba inaweza kupatikana kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Kanuni yenyewe ni hii:

ln(1 + x) = x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 + …

Wanafunzi wengi huikariri, kisha wakaitumia hata mahali isipofaa. Anayejua inavyopatikana hahitaji kuikariri, na anajua pia inapokoma kufanya kazi.

Tuanze na logi yenyewe. Chora mkunjo wa y = 1/t, halafu pima eneo lililo chini yake kuanzia t = 1 hadi namba yoyote a. Eneo hilo ndilo logi asilia ya a. Sababu yake si ngumu. Chukua eneo la kutoka 1 hadi a, ulivute kwa upana liwe mara tatu, kisha ulipunguze kimo liwe theluthi. Ukubwa wake haujabadilika, lakini sasa limekaa chini ya mkunjo uleule, kuanzia 3 hadi 3a. Kwa hiyo eneo la kutoka 1 hadi 3a ni jumla ya eneo la kutoka 1 hadi 3 na lile la kutoka 1 hadi a. Namba zimezidishwa, maeneo yamejumlishwa, na hiyo ndiyo tabia ya logi. Mjesuiti Alphonse Antonio de Sarasa aliligundua jambo hili mwaka 1649, akijenga juu ya kazi ya Grégoire de Saint-Vincent.

Tukiusogeza mkunjo hatua moja kushoto, ln(1 + x) inakuwa eneo lililo chini ya 1/(1 + t), kuanzia t = 0 hadi t = x. Tatizo ni kwamba eneo hilo halipimiki kwa urahisi, ilhali maeneo yaliyo chini ya vipeo vya t yalikwisha kujulikana: chini ya 1 ni x, chini ya t ni x²/2, chini ya t² ni x³/3, na kuendelea hivyo. Mercator aliona kwamba 1/(1 + t) inaweza kugeuzwa kuwa vipeo hivyo kwa mgawanyo mrefu wa kawaida.

Gawanya 1 kwa 1 + t. Unaandika 1, linabaki −t. Unaandika −t, linabaki t². Unaandika t², linabaki −t³. Unaandika −t³, linabaki t⁴. Ukisimama hapo, unapata:

1/(1 + t) = 1 − t + t² − t³ + t⁴/(1 + t)

Huu ni mfululizo wa kijiometri: kila kipande ni kile kilichotangulia kikiwa kimezidishwa kwa −t. Lakini angalia kipande cha mwisho. Hicho ni baki la mgawanyo, na kwa kuwa tumeliandika, mlinganyo huu ni sahihi kabisa wala si makadirio.

Sasa tunatafuta intigrali, yaani eneo, la kila kipande peke yake, kuanzia 0 hadi x. Vipande ni vichache vinavyohesabika, hivyo hakuna ubishi kwamba jumla ya maeneo yao ni eneo zima:

ln(1 + x) = x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 + B

B ni eneo lililo chini ya t⁴/(1 + t). Ikiwa x ni chanya, asili ya sehemu hiyo, 1 + t, haipungui 1, kwa hiyo B haliwezi kuzidi eneo lililo chini ya t⁴, ambalo ni x⁵/5. Ukiendelea hadi vipande n, baki halizidi kipande kinachofuata, yaani xⁿ⁺¹/(n + 1). Hapo ndipo swali zima la mfululizo usio na mwisho linapoamuliwa: ni halali pale tu baki linapopungua kuelekea sifuri.

Tujaribu x = 0.1 ili kupata ln 1.1. Vipande vitano vya kwanza ni 0.1, −0.005, 0.000333333, −0.000025 na 0.000002. Jumla yake ni 0.095310333. Kipande cha sita kina ukubwa wa 0.000000167 tu, hivyo kosa letu halizidi hapo. Thamani halisi ni 0.095310180. Vipande vitano vimetupa tarakimu sita sahihi za desimali.

Sasa weka x = 1 ili kupata ln 2. Mfululizo wa kijiometri tulioanza nao unavunjika hapa: 1 − 1 + 1 − 1 hurukaruka kati ya 1 na 0 bila kutulia. Hata hivyo baki letu la eneo halizidi 1/(n + 1), nalo linapungua kadiri n inavyokua. Sababu ni kwamba tⁿ iko karibu na sifuri kila mahali isipokuwa jirani kabisa na 1, na ukanda mwembamba kiasi hicho hauna eneo kubwa. Kwa hiyo 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + … ni ln 2 kweli, yaani 0.693147. Ila inakaribia polepole mno: vipande 10 vinatoa 0.645635, na vipande 100 vinatoa 0.688172.

Ukivuka 1, mambo yanaharibika. Kwa x = 2 vipande ni 2, −2, 8/3, −4, 32/5, na jumla zinakwenda 2, kisha 0, kisha 2.67, kisha −1.33, kisha 5.07. Jibu halisi, ln 3, ni 1.0986. Dalili ya hatari inaonekana mapema: vipande vinakua badala ya kupungua. Upande wa hasi kanuni inafaa mradi x isifike −1, kwa sababu hapo 1/(1 + t) yenyewe haina kikomo.

Basi ln 2 na ln 3 zipatikane vipi bila kuchoka? Isaac Newton, aliyekuwa ameufikia mfululizo huu kabla ya kitabu cha Mercator kutoka, alibaki na x ndogo tu na kuunganisha majibu. Kwa 0.2, −0.1 na −0.2 mfululizo unakwenda haraka: ln 1.2 = 0.1823216, ln 0.9 = −0.1053605 na ln 0.8 = −0.2231436. Sasa, 1.2 × 1.2 ukigawanya kwa 0.8 × 0.9 ni 2. Kwa hiyo ln 2 ni 2 × 0.1823216 + 0.2231436 + 0.1053605, sawa na 0.6931473, iliyopishana na thamani halisi kwenye tarakimu ya saba tu. Vilevile 1.2 × 2 ukigawanya kwa 0.8 ni 3, na hapo ln 3 inapatikana bila kugusa x = 2.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na kanuni hii usianze kujumlisha papo hapo. Tazama kwanza ukubwa wa x. Ikizidi 1, ivunje namba yako iwe mazao ya namba zilizo karibu na 1. Ikiwa chanya na ndogo, jumlisha, kisha tazama kipande cha kwanza ulichokiacha: kosa lako halizidi hapo.