Cheti cha dawa kwenye WhatsApp, bila neno

Saa tatu usiku, tarehe 20 Oktoba, mama mdogo alinitumia picha kutoka Muheza. Hakuandika salamu wala swali. Ilikuwa karatasi tu, imepigwa kwa upande chini ya taa ya umeme, kivuli cha simu kimekaa juu ya mstari wa kwanza. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo katika ukoo wetu picha za namna hii huishia kwangu. Kabla yangu alikuwa ameshamtumia kaka yangu, naye akamtumia pesa ya dawa. Binamu yangu alimwandikia, "Pole mama, utapona." Wote wawili walijibu kwa upendo, ila walijibu swali walilolitunga wao.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu ya mwandiko wa haraka:

Met~~~ 500 mg 1x2 1/12
Amlod 5 mg 1x1 1/12
TCA 1/12

Mstari wa pili ni mwepesi. Ni amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5, kidonge kimoja mara moja kwa siku. Alama ya 1/12 maana yake ni mwezi mmoja. Waandishi wa vyeti huweka 7 chini ya mkwaju kwa siku, 52 kwa wiki na 12 kwa miezi, kwa hiyo 5/7 ni siku tano na 2/52 ni wiki mbili. Asiyezoea husoma 5/7 kama tarehe, au kama vidonge vitano kwa siku saba, na hapo hatari huanza.

Mstari wa kwanza ndio ulionisimamisha. Baada ya herufi tatu, kalamu ilikuwa imeteleza tu. Dawa mbili zinazopatikana kila mahali huanza hivyo: metformini ya kisukari, na metronidazoli ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flajili, ya vijidudu vya tumbo na maambukizi mengine. Nilitazama kilichozunguka neno lile. Metformini huja katika vidonge vya miligramu 500, na mgonjwa huinywa miezi na miezi. Metronidazoli hapa kwetu kwa kawaida ni vidonge vya miligramu 200 au 400, hutolewa mara nyingi kwa siku tano au saba, na mwezi mzima si kawaida yake. Zaidi ya hayo, mama mdogo ana kisukari. Dalili zote zilielekea upande mmoja.

Kidole changu kilikuwa tayari kuandika: "Hiyo ni dawa ya sukari, mama. Kunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni." Ningekuwa nimekisoma cheti sawasawa kabisa, na bado ningemdhuru.

Sikuandika hivyo, kwa sababu sikujua kwa nini ameituma. Mtu anayetuma karatasi ya daktari bila neno anaweza kuwa anaomba asomewe. Anaweza kuwa anaomba pesa, au ameambiwa dawa imeisha dukani na anataka itafutwe mjini, au ana wasiwasi asioujua kuueleza. Wazee wengi hawaandiki kwa sababu herufi za simu ni ndogo, miwani iko chumba kingine, au simu yenyewe ni ya mjukuu. Kwao karatasi imeshasema kila kitu. Kwa hiyo nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, ili asilazimike kusoma wala kuandika:

"Shikamoo mama mdogo. Picha nimeipata. Naona dawa mbili. Ya pili ni ya presha, hiyo naisoma vizuri. Jina la kwanza sijalisoma lote, na sitaki kukisia. Je, dawa umeshapewa? Kama unazo, nipigie picha ya pakiti, upande wenye maandishi. Usimeze kwanza hiyo ya kwanza mpaka tuzungumze."

Ujumbe ule ulimjulisha kwamba picha imefika, ukataja kinachosomeka, ukakiri kisichosomeka, kisha ukauliza swali moja ambalo jibu lake ni kitendo rahisi. Nikimwuliza mzee maswali matano kwa mkupuo, hujibu la mwisho tu.

Baada ya dakika chache sauti yake ikaingia: "Marahaba mwanangu. Ndiyo hilo nilitaka ulione. Vidonge hivi si kama vya mwezi uliopita." Kisha picha ya pakiti. Chini ya jina la biashara, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina halisi la dawa: Metronidazole 400 mg. Muuzaji wa dukani alikuwa amesoma "Met" akamalizia neno kichwani mwake, kama nilivyotaka kumalizia mimi. Laiti ningemhakikishia kwamba ni dawa ya sukari, angemeza vidonge vile mwezi mzima kwa idhini yangu, na sukari yake ikipanda bila kizuizi.

Usiku ule nilimwomba apige picha nyingine ya cheti, nikamweleza namna ya kuipiga. Karatasi ilale mezani, taa iwe pembeni, simu iwe juu yake moja kwa moja, pembe zote nne zionekane, na alama ya HD ibonyezwe kabla ya kutuma ili WhatsApp isiifinye picha sana. Pembe ni muhimu kwa sababu huko ndiko hukaa jina la mgonjwa, tarehe na mhuri wa kituo. Kwenye mhuri palikuwa na namba ya simu. Asubuhi nilipiga, na mganga aliyeandika akathibitisha: metformini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula.

Nikamwuliza pia kuhusu mstari wa tatu. TCA ni kifupi cha kumtaka mgonjwa arudi, lakini 1/12 pale ingeweza kuwa mwezi mmoja, au tarehe 1 Desemba. Alikuwa amepewa dawa za siku 30. Kama angesubiri Desemba, angekaa siku kumi na moja bila dawa ya sukari wala ya presha. Mganga alisema ni mwezi mmoja.

Maelekezo nilimpa mama mdogo kwa sauti tena, nikataja "asubuhi baada ya chai, jioni baada ya chakula". Sikusema "kila baada ya saa kumi na mbili". Nimeshakutana na mgonjwa aliyeambiwa "kila baada ya saa nane" akawa anameza dawa mara moja tu kwa siku, saa nane mchana.

Kama wewe si mfamasia wala mganga na picha kama hii ikakufikia, usitafsiri dozi. Andika herufi unazoziona kama zilivyo, acha pengo palipofichika, uliza mtumaji anataka nini, kisha mwelekeze kwa aliyeandika au kwa mfamasia. Na tafadhali usiitupe kwenye kundi la ukoo ukiuliza nani anaweza kuisoma. Karatasi ile ina jina la mtu na ugonjwa wake, na hakukupa ruhusa ya kuutangaza.

Duka lilibadilisha vidonge asubuhi ya tarehe 21, bila ubishi, baada ya kuonyeshwa cheti na pakiti pamoja. Mama mdogo alimeza kidonge cha mwisho jioni ya tarehe 19 Novemba, na kesho yake akarudi kliniki.